Barua ya shukrani kwa hoteli mliyofikia msibani

Msomaji mmoja ameniletea barua aliyoiandikia hoteli ya Chake Chake ambako familia yake ilifikia walipokwenda Pemba kuzika. Anataka niipitie kabla hajaipeleka. Ina moyo, lakini ukurasa mzima ni "wafanyakazi wote walitujali sana." Barua ya namna hiyo meneja huisoma, akafurahi, akaitia kwenye faili, na yule aliyekesha nanyi hapati kitu.

Nikamuuliza: nani alifanya nini, saa ngapi? Hapo ndipo barua ilipopatikana:

"Kwa Meneja. Tulikuwa vyumba namba 6 na 7 tulipokuja kumzika mama yetu. Mlinzi wa zamu ya usiku, Bwana (jina), alitufungulia saa tisa usiku na akatutafutia gari la kwenda Wete. Bi (jina) wa usafi wa vyumba aliwapigia wanaume pasi kanzu zao, na akamwazima baibui lake dada yetu, aliyekuja na suruali ya safari. Jikoni walituwekea chakula mpaka tuliporudi kutoka matangani. Tunaomba shukrani hizi ziwafikie wao wenyewe, na nakala iwekwe kwenye jalada la kila mmoja."

Imetosha. Namba za vyumba, pamoja na tarehe mtakayoiweka juu ya barua, humwezesha meneja kutazama daftari la zamu na kuthibitisha. Majina yaulizwe mapokezi, maana kwetu mtu anaweza kuitwa kwa lakabu kazini kote na jina la kwenye mshahara likawa jingine kabisa. Mlinzi naye mara nyingi si mwajiriwa wa hoteli, ni wa kampuni ya ulinzi. Ulizeni, na kama ndivyo, nakala moja iende huko, la sivyo sifa zake zitaishia kwenye meza isiyo yake.

Kuna sifa zinazomponza mtu. Msomaji wangu alitaka kuandika kwamba kijana wa mapokezi aliwaachia chumba hadi alasiri bila malipo. Je, alikuwa na ruhusa? Kama hamjui, muulizeni yeye kwanza, au andikeni tu kwamba alikuwa mvumilivu siku ya kuondoka. Bakshishi nayo isitajwe kabisa. Hoteli nyingine zina sanduku la pamoja, na kiasi kikiandikwa, mtu ataulizwa mbona hakukitia humo. Malalamiko ya maji au feni yana barua yake.

Msiandike siku ya maziko; mtasahau nusu ya mambo. Subirini hitma ya siku ya tatu ipite, kaeni wawili au watatu mkumbushane, kisha mpeleke kabla ya kuondoka, wakati waliowahudumia bado wapo. Kila aliyetajwa apewe nakala yake mkononi, yenye sahihi na namba ya simu ya mwanafamilia mmoja, kwani akiomba kazi hoteli nyingine huko Unguja, ataitoa, nao watapiga simu kuuliza.