Uzito wa ng'ombe, picha ya daftari na grafu iliyokataa kunyooka

Mdogo wangu alikuwa Chamwino kwa mazoezi ya vitendo ya mifugo. Kazi yake ilikuwa kutafuta namna ya kukadiria uzito wa ng'ombe wa asili pale ambapo hakuna mizani. Unazungusha utepe kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha unakisia kilo. Vipimo vilikuwa kwenye daftari la boma: mzingo kwa sentimita upande mmoja, kilo upande wa pili. Alilipiga picha kwa simu, akaingiza namba kwenye Excel, akachora mstari ulionyooka kupitia nukta zake, akanitumia.

Mizingo ilikuwa 80, 95, 110, 125, 140 na 155. Kilo alizosoma kwenye picha zilikuwa 30, 77, 115, 172, 228 na 312.

"Dada, R² ni 0.98, si inatosha?"

R² ni kipimo cha jinsi mstari unavyolingana na nukta, na 1 ndiyo kamili. Nikamwambia aangalie nukta, aiache R² kwanza. Nukta mbili za mwanzo na ya mwisho zilikuwa juu ya mstari, tatu za katikati zote chini yake. Mstari ukiwa sahihi, nukta huchanganyika juu na chini bila mpangilio. Zikijipanga hivi, ujue data imepinda kama bakuli. Nikamwomba akadirie ndama wa mzingo wa sentimita 70. Jibu lilikuja kilo 18 chini ya sifuri. Ndama gani huyo?

Kupinda huko kuna sababu. Mzingo hupimwa kwa urefu, lakini uzito hufuata ujazo wa mwili. Mnyama akikua pande zote kwa uwiano uleule, mzingo ukiongezeka mara mbili, uzito huongezeka karibu mara nane. Uhusiano wa namna hii huandikwa W = k × G^b, W ikiwa kilo, G mzingo na k namba isiyobadilika, na b huwa jirani na 3. Ukichukua logi pande zote mbili, unapata log W = log k + b × log G, ambao ni mstari ulionyooka. Ndiyo maana hapa tunabadilisha safu zote mbili. Ukichukua logi ya kilo peke yake, nukta hupinda tena, safari hii kuelekea chini. Nilimwachia ajaribu mwenyewe, akaona.

Mzingo ukiwa safu ya A na kilo safu ya B, andika hivi, kisha vuta fomula mbili za kwanza hadi mstari wa 7:

```
C2: =LOG10(A2)
D2: =LOG10(B2)
F2: =SLOPE(D2:D7,C2:C7)
F3: =INTERCEPT(D2:D7,C2:C7)
```

Tulipochora D dhidi ya C, nukta tano zilikaa karibu kwenye mstari mmoja. Ya kwanza, ile ya kilo 30, ilining'inia chini peke yake, na mteremko, yaani b, ulitoka 3.38. Kwenye grafu ya kwanza nukta hiyo haikuwa na kasoro yoyote machoni, kwa sababu kosa la kilo 20 ni dogo mbele ya mnyama wa kilo 312. Logi hupima kwa uwiano, kwa hiyo upungufu wa asilimia 40 kwa ndama huonekana wazi.

Nikamwambia arudi kwenye picha, aivute iwe kubwa. Kumbe tarakimu ilikuwa kwenye mkunjo wa daftari, kivuli cha mkono kimeilalia. Ilikuwa 5, mstari wake wa juu umemezwa na mkunjo. Ndama alikuwa na kilo 50.

Aliposahihisha, R² ya mstari wa kawaida ilishuka kutoka 0.98 hadi 0.97. Yaani kosa ndilo lililokuwa likiipendezesha! Hilo ndilo nililotaka alione, maana wengi huishia kwenye R² na kufunga kompyuta.

Kwenye logi, nukta zote sita sasa zilinyooka. Mteremko ukawa 2.78, na namba ya kuanzia, yaani log k, −3.60. Kwa mzingo wa sentimita 130, logi yake ni 2.114, zidisha kwa 2.78, toa 3.60, unapata 2.277. Hiyo bado ni logi, si kilo. Inua 10 kwa 2.277, upate kilo 189 hivi. Yule ndama wa sentimita 70 naye akapata kilo 34, ingawa yuko nje ya vipimo vyetu na nisingemkatia dozi ya dawa kwa makadirio hayo.

Ukipiga picha daftari, lifungue hadi mkunjo ulale, simama ili kivuli chako kisianguke juu yake, simu iwe juu moja kwa moja. Kisha mmoja asome namba kwa sauti kutoka kwenye daftari lenyewe, mwingine afuatishe kwenye kompyuta, kabla daftari halijarudi kwa mwenyewe.