Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Nimeandika Wosia

"Mama, kaka ameniambia umeandika wosia. Kwani usipouandika, mali si itatufikia sisi watoto vilevile? Tofauti ni ipi?"

Mwanangu,

Itawafikia, ndiyo. Kwa kuwa baba yenu alishatangulia, nikifa bila wosia Sheria ya Mirathi ya Kenya itawagawia nyinyi watatu sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. (Jirani zetu Waislamu wana utaratibu wao kwa Kadhi, hapa nasema yetu.) Hesabu hiyo sina ugomvi nayo. Shida yangu ni wa nne.

Unajua mdogo wenu alivyoletwa hapa akiwa na miaka minne, tulipomzika dada yangu. Kijiji kizima kinamwita mtoto wangu, lakini sikuwahi kwenda kortini kumwasili. Mtu akifa bila wosia akiwa na watoto, mali inaishia kwao. Mpwa hana fungu. Angeweza kwenda kwa hakimu kueleza kwamba nilimlea kama mwanangu na alikuwa akinitegemea hadi siku nilipofariki. Hebu fikiria: msichana wa miaka 15, matanga bado, aanze kudai kutoka kwa dada na kaka zake. Kwenye wosia jambo hilo limekwisha kwa sentensi moja: nusu ekari ya kando ya barabara ni yake. Ekari mbili na nusu zinazobaki, na "kila kitu kingine nitakachoacha", mtagawana nyinyi watatu. Hayo maneno ya "kila kitu kingine" usiyadharau. Nisingeyaandika, ng'ombe nitakayemnunua mwakani angegawanywa kama wa mtu asiye na wosia.

La pili nililiona kwa mjomba wako. Yeye aliacha mke, watoto wanne na ekari tano, na karatasi hata moja hakuacha. Vyombo vya nyumba vikawa vya mkewe kabisa, lakini shamba akapewa kulitumia muda wa uhai wake tu, kisha liende kwa watoto. Mjomba alikuwa akisema kila Krismasi, "Nikienda, uza ekari moja umsomeshe huyu wa mwisho." Hayo yalibaki maneno ya mezani. Ili auze ardhi, ilibidi mjane aombe ruhusa ya korti.

Na hata kufika hapo kulichukua muda. Barua ya chifu ya kutaja warithi wote ilipatikana upesi, lakini kifungua mimba alikataa kutia sahihi ya kukubali mama yake awe msimamizi, na mwaka mzima ukapotea hapo. Kwa kuwa wa mwisho alikuwa hajafika miaka 18, wasimamizi walipaswa kuwa wawili, wakagombana tena juu ya huyo wa pili. Mimi nimemtaja msimamizi mwenyewe. Ni wewe, kwa sababu unaweka risiti.

Lakini usidhani wosia unaikwepa korti. Utaupeleka pamoja na cheti cha kifo, litatoka tangazo katika Gazeti Rasmi, watu wapewe siku 30 za kupinga, na kwa kawaida miezi sita ipite tangu upewe usimamizi ndipo korti iidhinishe mgao na hati ya shamba ibadilishwe. Kabla ya kupewa karatasi ya korti, mtu asiuze hata mbuzi. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai.

Kuuandika kwenyewe kulikuwa kazi ya alasiri moja. Sheria haikudai wakili wala muhuri. Ilidai niwe na akili timamu, nitie sahihi, na mashahidi wawili wanione nikitia, kisha nao watie zao mbele yangu. Si lazima wasome kilichomo. Kaka yako alijitolea kuwa shahidi nikamkatalia, maana anayerithi akishuhudia, zawadi yake inabatilika, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili wasiohusika. Mke wake vilevile hafai. Nikawaita mchungaji na mwalimu mstaafu wa hapo chini.

Nawe, kabla hujaharakisha kuandika wako: ndoa inaufuta wosia uliotangulia, labda uwe umesema ndani yake kwamba umeuandika ukitazamia kuolewa na mtu fulani. Arusi ni Aprili, basi andika baadaye.

Wosia wenyewe uko kwenye sanduku la bati, chini ya hati ya shamba. Korti hutaka ule wenye wino, si fotokopi, kwa hiyo usiutoe humo kwenda kuwaonyesha watu. Nilikosea tarakimu moja ya kitambulisho chako, na kusahihisha kwa kalamu juu ya sahihi za watu sitaki. Nitumie nambari kamili, niuandike upya Jumamosi mchungaji na mwalimu wakiwepo.

Mama