Utani una wenyewe: mmeuliza, nimejibu

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Nikimwambia Mhehe kwamba nitamficha mbwa wangu asije akamla, nimevuka mpaka?

Kwa rafiki yako anayekurudishia palepale, hapana. Kwa Mhehe usiyemjua, ndiyo, kwa sababu wewe si mtani wake. Mtani wa jadi wa Mhehe ni Mngoni. Walipigana vibaya kuanzia miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na waliobaki ndio walioigeuza vita ile kuwa maneno ya kuchekana. Mngoni akilitaja lile la mbwa, Mhehe naye ana lake la kumtupia, na wote wawili wanajua limetoka wapi.

Haki hiyo ina kazi yake, na hapa ndipo wengi mnapokwepa. Msiba ukitokea, mtani anafika. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na anashika zile kazi ambazo wafiwa hawana nguvu nazo. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, jiulize kama ungethubutu kwenda matangani kwao ukasema neno hilohilo mbele ya wafiwa, na wakakupa nafasi ya kukaa. Kama jibu ni hapana, hicho unachokiita utani ni maneno tu ya mtu wa nje.

Nasherehesha harusi hapa Iringa. Nilisema, "Bwana harusi, mkeo akinuna ficha kamba, Wahehe tunawajua." Ukumbi ulicheka, lakini mama mzazi wa binti hakunisemesha tena. Kosa liko wapi?

Liko kwenye kamba. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu utani huu nimeusikia kwenye sendofu na harusi nyingi mno, na kila mara anayeusema anaapa kwamba watu walicheka.

Ukumbi wa watu mia tatu katika mkoa huu huwezi kujua nani amezika mtoto aliyejinyonga. Mara nyingi yupo, na mara nyingi amekaa mbele, kwa sababu mbele ndiko wanakokaa ndugu. Ukitaka kujua, usisikilize kicheko, tazama macho. Utani mzuri unamchekesha mtu akiwa bado anakutazama wewe. Utani uliogonga kidonda unawafanya watu wageuke kwanza kumwangalia mtu fulani, ndipo wacheke au wanyamaze. Kicheko kikianzia meza za nyuma huku meza za wazazi wakishika glasi zao, umeshaumiza.

Usiniletee habari ya chifu Mkwawa, kwamba naye alijiua. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 akikataa kukamatwa na Wajerumani baada ya vita ya miaka saba. Hilo ni jambo la vita, halihusiani na binti aliyevaa shela.

Sasa tuurekebishe. Jiulize ulitaka kusema nini hasa. Nadhani ulitaka kusema kwamba bibi harusi ametoka kwa watu wasiogomba kwa sauti, watu wanaokasirika kimya. Hilo linachekesha bila kifo ndani yake, na Wahehe wenyewe husemana hivyo. Toa kamba, bakiza ule ukimya. Kisha hamisha mzigo: badala ya kumcheka anayenuna, mcheke asiyejua kwamba amenuniwa. Itakuwa hivi:

"Bwana harusi, huko ulikooa hawagombi. Ukisema 'kamwene' asubuhi ukajibiwa huku sufuria inasuguliwa kwa nguvu, usiende kazini. Kaa chini, omba msamaha. Kosa lako utaambiwa keshokutwa."

Mama wa binti atacheka wa kwanza, kwa sababu sufuria hiyo anaijua, ameisugua yeye. Kabila bado limo, ila limebeba tabia ambayo mwenyewe anaikubali hadharani. Aliyebaki mjinga ni bwana harusi, ambaye yuko pale na usiku ni wake.

Na yule mama, nenda nyumbani kwake ukiwa peke yako, umwambie pole. Usiombe radhi kwenye kipaza sauti, maana utaitaja kamba mara ya pili.

Mwanjelwa tunasema Mkinga akifungua duka jipya, hesabu watoto wa mtaa. Si ni mazoea tu?

Huo uacheni leo. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto waliuawa Njombe, na mauaji yale yalihusishwa na imani za kishirikina za kutafuta utajiri. Mzazi wa kule akikusikia, hasikii utani. Na Mkinga anayeuza ndoo zake kihalali unamwekea tuhuma ya mauaji mlangoni, tuhuma ambayo siku mtoto akipotea mtaani inaweza kumchomea duka.

Njia ya kupima ni rahisi. Chukua utani wako, uondoe cheko, uandike kama taarifa. "Wakinga wanaua watoto." Ungeisaini? Sasa chukua huu: "Ingia dukani kwa Mkinga kuulizia njia, utatoka na ndoo mbili na sufuria, na njia hujaonyeshwa." Ukiuandika kama taarifa unabaki na "Wakinga wanajua kuuza," na hilo hata wao watakupigia makofi.

Nilikuwa na utani unaomkashifu mchungaji. Nimemfanya shehe, sasa uko salama?

Hapana, umebadilisha kofia tu. Cheka tabia za watu ibadani, yule anayekunja noti ya elfu moja ionekane ya elfu kumi. Mungu, Mtume, Kitabu na sala yenyewe usiviguse. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinashika maneno yanayosemwa kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu, na kinaweza kukufunga.

Mimi mwenyewe natoka Mafinga. Nina kichekesho cha dada wa kazi kutoka Iringa anayemchukua baba mwenye nyumba. Kwa kuwa ni kwetu, naruhusiwa?

Kwenu ni Mafinga, lakini wewe hukupanda basi ukiwa na miaka kumi na minne kwenda kulea mtoto wa mtu Dar es Salaam. Mkoa mnashirikiana, mzigo hamshirikiani. Halafu angalia kichekesho chako kinaficha nini. Mwenye funguo, mshahara na mlango wa chumba ni baba, lakini anayechekwa ni binti. Katika nyumba nyingi kisa hicho kina jina lingine, na jina hilo hupelekwa polisi.

Geuza kamera. "Bosi ana digrii mbili. Dada amekwenda Mafinga likizo siku tatu, bosi amempigia mara tisa: chumvi iko wapi, gesi inawashwaje, huyu mtoto wa mwisho anaitwa nani." Umebaki na dada, nyumba na Mafinga. Aliyeshushwa ni mwenye nguvu, na dada akiusikia atasema ni kweli.

Kwa nini siku hizi watu wanakasirika haraka?

Swali hili naletewa kila wiki na mtu aliyekwishamuumiza mwenzake. Kamuulize yeye.

Utani wetu na watani wa Songea nimeurekodi, niutume kwenye kundi la wasapu la kamati ya harusi?

Usitume. Pale mlipokuwa, kila mtu alimwona mtani wako akicheka na kujibu. Sauti ikisambazwa, jibu lake hukatwa, unabaki wewe ukitukana peke yako, na aliyeko Kyela anayeisikia hajui kwamba mlikuwa watani.