Makala ya kumbukumbu ya giza la Unguja: vipande vya magazeti visiwe ndiyo makala yenyewe

"Mhariri amenipa kazi ya kuandika makala ya kumbukumbu ya ile miezi mitatu Unguja ilipokaa bila umeme. Nimekusanya magazeti ya wakati ule, lakini kila nikiandika naona narudia yaleyale. Mliowahi kufanya kazi hii mnapata wapi jambo jipya?"

Ndugu yangu, assalamu alaikum. Tukio hilo nimeliandikia, na kabla ya jambo jipya kuna jambo la zamani la kuliweka sawa, kwa sababu vipande vya magazeti ulivyokusanya huenda vinahusu matukio mawili. Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja kati ya Mei na Juni 2008, kisha ikakosa tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Makala nyingi za kumbukumbu huyachanganya: picha ni ya mwaka mmoja na maelezo ni ya mwaka mwingine. Watu nao huyachanganya midomoni, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

Mimi sikumuuliza mtu anakumbuka nini, kwani swali hilo hukuletea hadithi ile ile aliyokwisha kuisimulia mara nyingi. Nilimuuliza kuhusu majira na siku zinazojulikana. Giza la pili lilikuwa la kaskazi, wakati wa joto. Sherehe za Mapinduzi za Januari 2010 ziliangukia katikati yake, na Maulidi ya mwaka ule yakaja mwishoni mwa Februari. Giza la kwanza lilikuja masika yakimalizika na kusi ikianza. Mama mmoja aliniambia kwamba walikuwa wakikinga maji ya mvua kwenye mapipa usiku kucha, na akasisitiza kuwa ilikuwa 2010. Nilipomuuliza kama Maulidi yalikuwa yamekwisha au bado, alijikumbusha mwenyewe kwamba mtoto wake wa pili alikuwa bado hajazaliwa, na tukakubaliana kwamba alikuwa anasimulia 2008. Maneno yake yalibaki kuwa ya kweli, ila yalihamia mahali pake.

Baada ya hapo, magazeti yatumie kwa kazi moja tu: kutafutia ahadi. Pitia kila habari na utoe kila sentensi inayosema jambo litafanyika, iandike peke yake pamoja na tarehe na cheo cha aliyeisema, kisha nenda ukaangalie leo. Nyingine utazikuta zimetimia, na hilo pia ni habari; waya wa pili wa chini ya bahari wa kuleta umeme Unguja kutoka bara, wenye uwezo wa megawati 100, uliletwa kwa fedha za msaada wa Marekani na kukamilika 2013. Nyingine utazikuta hazina wa kuziulizia. Orodha hiyo ndiyo inayokupa maswali ambayo mwandishi wa 2010 hakuweza kuyauliza, kwa kuwa majibu yalikuwa bado hayajatokea.

Sasa jambo jipya lenyewe. Nilijiuliza ni nani aliyekuwa akiandika kitu kila siku katika miezi ile bila kukusudia kuandika historia. Hospitali huwa na daftari la wodi ya wazazi, skuli zina madaftari ya mahudhurio, mwenye kiwanda cha barafu ana hesabu zake, na kituo cha pampu ya maji kina mtu anayeandika saa za kuwasha na kuzima. Mchumi mmoja wa Chuo Kikuu cha Oregon alitumia kumbukumbu za uzazi za hapa Unguja kuchunguza giza la 2008, akaonesha kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo kuliko kawaida. Hakuna gazeti la Juni 2008 ambalo lingeweza kuyaandika hayo.

Mimi nilichagua maji, kwa sababu pampu zikisimama mji mzima huhisi. Katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, ambao sitautaja ili wahusika wabaki na amani yao, nilimpata mzee aliyekuwa akiendesha pampu. Alikuwa amehifadhi daftari la shule lenye jalada lililokwisha kuliwa na mende, na ndani yake mistari ya kalamu ya risasi: tarehe, saa ya kuwasha jenereta, lita za dizeli zilizobaki, na herufi moja ikionesha upande uliopewa maji. Magazeti niliyokuwa nayo yaliandika kwamba maji yamerejea katika eneo lile. Daftari lilionesha kwamba upande mmoja ulipata karibu kila siku, na upande wa pili ulirukwa tena na tena. Nilipokwenda upande uliorukwa nikakikuta kisima cha zamani kilichofukuliwa wakati ule, na kinatumika hadi leo. Hapo nikawa na makala.

Lakini daftari moja halitoshi. Kabla ya kuamini nililinganisha tarehe zake na mambo mawili yasiyotoka kwa mzee yule: daftari la mahudhurio la skuli ya jirani, ambapo mwalimu alikuwa ameandika pembeni sababu ya watoto kuchelewa, na maelezo ya kinamama wa pande zote mbili niliowahoji kila mmoja peke yake. Siku ambazo vyanzo hivyo vilipingana niliziacha nje. Kwa madaftari ya hospitali, omba jumla za kila mwezi kwa barua kupitia uongozi, usiombe kurasa zenye majina. Jumla ndizo unazozihitaji, na ombi la namna hiyo hupata jibu kwa urahisi zaidi. Anza miezi mitatu kabla ya tarehe ya kuchapisha, kwa sababu barua huchukua muda kuzunguka ofisini.

Jambo jingine ambalo magazeti ya nje hulikosea karibu kila mwaka ni kuandika kwamba Zanzibar yote ilikuwa gizani. Pemba wakati ule ilikuwa ikitumia majenereta ya dizeli ya Wesha, haikuwa imefungwa kwenye waya wa Unguja, na iliunganishwa na Tanga kwa waya wake katikati ya 2010, baada ya umeme kurudi Unguja. Ukimtafuta mtu aliyekuwa akisafiri kati ya bandari ya Mkoani kule Pemba na ya Malindi hapa Unguja katika miezi ile, utapata macho yaliyoona visiwa viwili kwa wakati mmoja. Sijaona makala yoyote iliyofanya hivyo kwa ukamilifu, na ningependa sana uifanye wewe.

Kuhusu kiasi, mimi naona historia ya tukio ipewe aya moja, nayo isiwe ya kwanza. Msomaji aliyekuwapo anaijua, na asiyekuwapo atakuwa na hamu nayo akishamwona mtu wa daftari. Kila picha ya zamani mwulize aliyeipiga kabla ya kuiweka, kwa sababu mshumaa dukani haukuambii ni wa 2008 au wa 2010. Nakala ya daftari uliyoipiga picha mpelekee mwenyewe aione kabla haijachapishwa, na umsomee aya zinazomhusu. Mzee wangu alinisahihishia ile herufi niliyoisoma kuwa ni ya upande wa mashariki, kumbe ilikuwa jina la mwenye tangi.