Sini ya x ikizidi nusu: kabla ya kikokotoo, chora duara

Nilipoanza kusoma trigonometria, swali la sin x > 1/2 kwa x kuanzia 0° hadi 360° nilikuwa nalimaliza kwa mstari mmoja. Nabonyeza sin⁻¹ ya 0.5 kwenye kikokotoo, napata 30°, naandika x > 30°, nafunga daftari. Sikuwa na shaka hata kidogo, maana ndivyo tulivyozoea kufanya na 2x > 6: unagawa pande zote kwa 2, alama inabaki ilivyo, basi.

Mwalimu wangu hakunitia alama ya kosa. Aliandika pembeni tu: "Na 200° je?" Nikaijaribu. Kweli 200 ni zaidi ya 30, lakini sini ya 200° ni takriban −0.34. Haifiki hata sifuri, sembuse nusu.

Tatizo ni kwamba sini haipandi tu. Inapanda hadi 90°, inashuka hadi 270°, kisha inaanza kupanda tena. Ukiiondoa sini pande zote mbili kana kwamba ni namba ya kugawia, unajifanya huoni kule inakoshuka. Nacho kikokotoo hukupa pembe moja tu, hata kama zipo mbili.

Siku hizi naanza na mchoro. Chora duara lenye nusukipenyo 1, kitovu chake pale mihimili inapokutana. Nukta inaanzia kulia kabisa na kuzunguka kinyume na mwendo wa saa. Pembe iliyozungukwa ndiyo x, na kimo cha nukta juu ya mhimili wa mlalo ndicho sin x. Sasa piga mstari wa mlalo kwenye kimo cha 1/2. Unalikata duara mahali pawili: kulia kwenye 30°, na kushoto kwenye pembe inayolingana nayo, yaani 180° − 30° = 150°. Swali linataka nukta zilizo juu ya mstari huo, nazo zote ziko kwenye tao moja:

30° < x < 150°

Mipaka yenyewe haimo, kwa sababu pale sini ni nusu kamili, haijazidi. Alama ingekuwa ≥, ningeiingiza. Angalia pia kwamba ule mlinganyo sin x = 1/2 haukutupa jibu, ulitupa mipaka tu. Kujua upande upi wa mpaka tunautaka ni kazi ya mchoro.

Kwenye kosini kuna mtego mwingine. Kosini ni umbali wa nukta kwenda kulia, kwa hiyo kwa cos x > 1/2 mstari unasimama wima, na mipaka ni 60° na 300°. Aliyetoka kufanya swali la sini huandika haraka 60° < x < 300°. Lakini katikati ya hapo kuna 180°, ambako kosini ni −1! Tao tunalolitaka liko kulia, na limepita juu ya mahali pa kuanzia. Tukilikata pale kwenye 0°, linakuwa vipande viwili: 0° ≤ x < 60° au 300° < x ≤ 360°. Usijaribu kuvibana kwa kuandika 300° < x < 60°, maana hakuna namba inayozidi 300 na papo hapo ikapungua 60.

Kosa lililonichukua muda mrefu zaidi kuliacha ni hili: 2 sin² x > sin x. Nilikuwa nagawa pande zote kwa sin x, napata sin x > 1/2, kisha naandika jibu lilelile la mwanzo. Lakini sin x huenda ikawa hasi, na ukigawa kwa namba hasi alama inapinduka. Badala ya kugawa, leta kila kitu upande mmoja:

sin x (2 sin x − 1) > 0

Zao hili linakuwa sifuri kwenye 0°, 30°, 150°, 180° na 360°. Chukua pembe moja ndani ya kila kipande. Kwenye 10° sini ni kama 0.17, hivyo kigawo cha pili ni hasi na zao ni hasi. Kwenye 90° ni 1 × 1, chanya. Kwenye 160° sini ni kama 0.34, zao ni hasi tena. Kwenye 270° ni −1 × −3, yaani 3, chanya. Kwa hiyo jibu ni 30° < x < 150° au 180° < x < 360°. Mimi kwa kugawa nilikuwa naitupa karibu nusu nzima ya chini ya duara, na hakuna mstari wowote kwenye daftari langu ulioonyesha kwamba nimeitupa.