Jinsi ya kutenganisha maana na mchezo wa herufi

"Nikiona neno kama 'vurugika' kwenye dokezo la chemshabongo najua herufi zinapanguliwa, lakini sijui maana ya jibu inaanzia wapi. Mnakata wapi?"

Ndugu, anza na namba iliyo kwenye mabano, yaani idadi ya herufi za jibu. Chukua dokezo hili nililolitunga:

Samaki wavurugika majira ya mvua nyingi (6)

Ishara ni "wavurugika". Herufi za kupangua lazima ziguse ishara, ama kabla yake ama baada yake, na idadi yake ilingane na namba. "Samaki" ni herufi sita kamili. Upande wa pili, "majira" nalo lina sita, na hapo ndipo wengi hunasa. Ila ukilitoa hilo, inabaki "ya mvua nyingi", ambayo haisimami kama maana ya neno lolote. Ukimtoa samaki, inabaki "majira ya mvua nyingi", maana kamili isiyopungukiwa kitu. Kata hapo. Pangua S-A-M-A-K-I upate MASIKA.

Kiswahili kina msaada wake: "wa-" ya "wavurugika" inapatana na samaki, si na majira. Mtungaji akitumia "kwa fujo" badala ya kitenzi, msaada huo haupo, ubaki na kuhesabu tu.

Maana hukaa mwanzoni au mwishoni mwa dokezo, haikai katikati. Na usitafute kisawe cha neno ndipo ukipangue. Ximenes, aliyekuwa mtungaji wa chemshabongo za gazeti la Observer la Uingereza, aliliona hilo kuwa si haki kwa msomaji, nami nakubaliana naye kabisa: herufi za kupangua ziwe zinaonekana.