Maswali yenu: Bima na vibali vya kushuti huku Kusini

Kaka, gari la kubebea kru lina bima ndogo, si inatosha?

Haitoshi. Hiyo inalipa watu na mali zao gari likiwagonga barabarani, kamera iliyomo ndani haimo na mtu anayeumia kwenye lokesheni hayumo. Hili swali linarudi kila mwezi jamani.

Tunashuti filamu fupi Mikindani, mwenyekiti wa mtaa ameshatupa barua ya ruhusa. Tuanze tu?

Msianze. Barua ya mwenyekiti inasema mtaa unawajua, basi, na naona vijana wengi wanaishia hapo halafu wanakuja kulia. Kibali cha kutengeneza filamu kinatoka Bodi ya Filamu, ni matakwa ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na kinamhusu Mtanzania pia, sio wazungu peke yao kama mnavyoambizana. Mkishakipata ndio mnaenda nacho halmashauri, mkitaka kuziba barabara au mna sini yenye bunduki ya bandia mnapita polisi kabla ya siku yenyewe, maana raia akiona bunduki hajui kama ni ya mbao.

Halafu kila eneo lina mwenyewe. Nyumba ya mtu, mwenye nyumba asaini. Gatini ni bandari. Msimbati mpo ndani ya hifadhi ya bahari. Magofu kama ya Kilwa Kisiwani, ambayo ni urithi wa dunia tangu 1981, yana ruhusa yake na msiegemeze stendi ya taa kwenye kuta zile, mawe na chokaa za karne na karne hazina spea. Mitambo ya gesi Madimba muiache kabisa kwenye fremu. Na kila barua iandikwe tarehe, saa na sehemu, mkiambiwa tu "ruhusa imetolewa" siku ya pili akija ofisa mwingine mtaanza upya.

Vifaa vyetu vina thamani ya kama milioni 12, ajenti anasema tukate bima ya milioni 6 ili premiamu iwe ndogo. Ni sawa?

Hapa naomba msome polepole. Watu wanadhani kifaa kikiharibika cha milioni 4 watalipwa milioni 4 kwa sababu haijafika 6. Sivyo. Mikataba mingi ya vifaa ina kipengele cha uwiano, ukikata nusu ya thamani unahesabika umejibebea nusu nyingine mwenyewe, kwa hiyo hasara ya milioni 4 inalipwa milioni 2. Hapo bado ekses, ile sehemu ya kwanza inayobaki kwako, tuseme mkataba wako unasema asilimia 10 ya madai, inatoka laki 2, unabaki na milioni 1 na laki 8 na kamera imekufa. Mlichookoa kwenye premiamu hakifiki hata robo ya hapo.

Thamani iwe ya kununua kipya leo kama mkataba unalipa kipya, na kila kifaa kiandikwe na namba yake. Lenzi ulizokodi Dar sio zako, zisipotajwa kuwa ni za kukodi hazimo. Ukiacha begi kwenye gari lisilo na mtu uliza kwanza, mara nyingi wizi wa hivyo haulipwi kama hakuna alama ya kuvunjwa mlango. Kutu ya chumvi inayokula taratibu nayo haihesabiki kuwa ajali, nyie mnaoshuti ufukweni futeni vifaa kila jioni.

Mama muuza samaki akijikwaa kwenye waya wetu wa jenereta akavunjika mkono, nani analipa?

Nyinyi, na ndio kazi ya bima ya dhima kwa umma. Mpelekeni hospitali haraka, pigeni picha waya ulivyokuwa, chukueni majina ya mashahidi na mtaarifu kampuni siku hiyohiyo, lakini msisaini karatasi ya kukubali kosa wala kuahidi kiwango cha fidia kabla kampuni haijajua, wanaweza kugoma kulipa kwa hilo. Na jueni bima hii ni ya watu wa nje. Mshika boomu wenu akianguka kwenye ngazi hayumo, wafanyakazi ni habari ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na deiwaka wa siku mbili mkatieni bima ya ajali binafsi, mnawapandisha juu ya mapaa bila chochote na inanikera sana.

Droni ndogo ya harusi, nayo inataka kibali?

Inataka. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo ipitie. Ukirusha bila kibali ikamwangukia mtu, kampuni ya bima itaomba kibali kwanza kabla ya kusoma madai yako, na huna.